Kwa nini Hague huisubiri Bunia

(Muziki wa kipindi unashuka taratibu.)

  

Leo tunaanza na swali la mama mmoja wa kikundi cha usikilizaji. Anatoka Ituri, mashariki mwa Kongo. Alisema hivi: “Walimchukua mmoja wakampeleka Ulaya kwa ndege. Yule aliyeng’oa mabati ya nyumba yangu namjua kwa jina, na mpaka leo anatembea sokoni. Kwa nini hiyo mahakama kubwa isiwachukue wote?”

Swali hili hutujia kwa namna nyingi. Wengine husema mahakama imenunuliwa, wengine husema ni mvivu. Wapo wanaoamini kwamba ukiwa na ushahidi wa kutosha, kazi yako ni kutafuta namna ya kuufikisha Uholanzi tu. Tulikaa na jambo hili siku kadhaa, tukaona jibu zuri linapatikana katika kesi ya mtu mmoja, kesi iliyotoka Ituri kwenyewe. Kabla ya kufika huko lazima tupite Arusha kwanza, maana bila Arusha huwezi kuelewa kwa nini mahakama ya Hague iliundwa ilivyo.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha mahakama maalumu, ikawekwa Arusha, Tanzania. Mahakama ile ilikuwa juu ya mahakama za nchi zote. Kama nchi ilikuwa na kesi mkononi na Arusha ikaitaka, nchi ilitakiwa kuiachia. Na iliachia kweli. Ubelgiji ilikuwa ikimchunguza Kanali Théoneste Bagosora, kwa sababu askari kumi wa Kibelgiji waliokuwa walinzi wa amani waliuawa Kigali siku za mwanzo za mauaji. Bagosora alikamatwa Kameruni mwaka 1996. Ubelgiji ilimtaka, Rwanda nayo ilimtaka. Arusha ikasema huyu ni wetu, na mwanzoni mwa 1997 akapelekwa Arusha.

Unaweza kuona uzuri wa mpango huo: vigogo waliokimbilia nchi mbalimbali walifikiwa. Lakini angalia hesabu yake. Arusha ilifanya kazi zaidi ya miaka 20 na kuwafungulia mashtaka watu 93. Rwanda yenyewe, kwa mabaraza ya gacaca yaliyokaa chini ya miti na kwenye viwanja vya shule, ilipitia karibu kesi milioni 2. Mahakama ya kimataifa huwagusa wachache walio juu. Wengine wote, wale majirani wenye mapanga na wale waliobeba mabati, hubaki kwa mahakama za nyumbani, upende usipende.

Basi mataifa yalipokutana Roma katikati ya mwaka 1998 kuunda mahakama ya kudumu, jambo hilo lilikuwa mezani. Kulikuwa na sababu nyingine pia, na tuiseme wazi: serikali nyingi hazikutaka mahakama ya juu yao. Arusha iliamriwa na Baraza la Usalama, nchi hazikuulizwa. Roma ilikuwa mkataba, na mkataba husainiwa na anayekubali. Hakuna rais ambaye angetia saini karatasi inayosema kwamba jaji wa mbali anaweza kuchukua faili lolote kutoka meza ya jaji wake. Kwa hiyo waligeuza mpangilio. Mkataba wa Roma, uliopitishwa tarehe 17 Julai 1998 kwa kura 120 dhidi ya 7, unasema Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita ICC au CPI kwa wenzetu wa Kifaransa, inazijazia mahakama za nchi na haizitawali. Nchi ndiyo yenye zamu ya kwanza.

Ukipenda, fikiria zamu za kuchota maji. Aliye mbele ana haki ya kuchota. Wa pili hachoti kwa kuwa ana ndoo kubwa zaidi. Anachota pale tu ambapo wa kwanza hayupo, au yupo na ndoo iliyotoboka, au amesimama bombani akijifanya anachota ili wengine wasipate. Hali hizo tatu zimo katika ibara ya 17 ya mkataba, na mawakili huko Hague wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Watu wengi hukumbuka mbili za mwisho, kushindwa na kutotaka. Ile ya kwanza, ya mtu ambaye hayupo kabisa bombani, husahaulika, na ndiyo iliyoamua kesi ya Ituri.

(Muziki mfupi.)

Kongo ilijiunga na mkataba huo tarehe 11 Aprili 2002. Siku hiyo nchi 10 ziliwasilisha hati zao kwa pamoja, idadi ikavuka 60 zilizohitajika, na mahakama ikapata uhai tarehe 1 Julai 2002. Shika tarehe hiyo, maana mahakama hii haiwezi kugusa jambo lolote lililotendeka kabla yake, hata liwe baya kiasi gani. Vita vya Ituri vilikuwa vimeshaanza tangu 1999, na miaka ile ya mwanzo iko nje kabisa ya mkono wa Hague.

Kijiji cha Bogoro kiko kilomita zipatazo 25 kutoka Bunia, kwenye njia iendayo Ziwa Albati. Mwanzoni mwa 2003 kundi moja la wapiganaji lilikuwa na kambi katikati ya kijiji, ndani ya majengo ya shule, na raia waliishi kuizunguka. Tarehe 24 Februari 2003, kabla jua halijachomoza, wapiganaji wa makundi mengine walikizingira kijiji na kushambulia. Baadhi ya watu walikimbilia porini. Wengine walikimbilia shuleni wakidhani kuta zitawaficha, na huko wakauawa. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na mabati yakang’olewa juu ya mapaa. Majaji waliyaandika mabati hayo ndani ya hukumu, mama. Hayakupuuzwa.

Mmoja wa makamanda wa washambuliaji hao alikuwa kijana wa miaka 24, Germain Katanga, ambaye watu walimwita Simba. Vita vilipopoa, serikali ya Kinshasa ilifanya kilichofanywa mara nyingi: iliwaingiza viongozi wa makundi katika jeshi la taifa. Desemba 2004 Katanga alifanywa jenerali.

Miezi miwili baadaye, Februari 2005, walinzi wa amani tisa kutoka Bangladeshi waliuawa Ituri. Dunia ilipiga kelele, na serikali ikawakamata viongozi kadhaa wa makundi, Katanga akiwemo. Akawekwa mahabusu Kinshasa. Hapo tungetegemea kesi. Haikuja. Waendesha mashtaka wa kijeshi waliomba muda uongezwe, wakapewa, wakaomba tena. Ikapita miaka miwili na nusu, mtu yuko ndani na hakuna aliyempandisha kizimbani.

Wakati huo huo faili jingine lilikuwa linasogea. Machi 2004 Rais Joseph Kabila alikuwa ameiandikia ICC barua, akiikabidhi hali ya nchi yake na kusema kwamba mamlaka za Kongo hazikuweza kuchunguza uhalifu ule peke yake. Wapelelezi wa Hague wakaenda Ituri. Julai 2007 majaji walitoa hati ya siri ya kumkamata Katanga kwa shambulio la Bogoro, na tarehe 17 Oktoba 2007 Kongo ikamkabidhi.

Mawakili wake walisimama na hoja ambayo, msikilizaji, si ya kuchekwa. Walisema: mteja wetu alikuwa tayari mikononi mwa mahakama ya kijeshi ya nchi yake. Zamu ni ya Kongo. Mahakama hii haina ruhusa ya kumshika. Walitoa na karatasi, maombi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi ya Machi 2007 ya kuongeza muda wa mahabusu, ambayo miongoni mwa vijiji vilivyoshambuliwa ilikitaja Bogoro. Wakaongeza jambo zito zaidi. Nchi ina wajibu wa kuwahukumu watu wake, na haiwezi kuutua mzigo huo mlangoni kwa mwingine kwa kuwa tu imechoka kuubeba.

Sasa fikiria ungekuwa wewe jaji. Njia iliyoonekana rahisi ni kusema kwamba mahakama za Kongo ni mbovu, haziwezi, basi. Lakini njia hiyo ilikuwa na shimo. Mwaka 2006, katika kesi nyingine ya Ituri, ya Thomas Lubanga, majaji wa Hague wenyewe walikuwa wameandika kwamba mambo yamebadilika: mahakama ya Bunia ilikuwa imefunguliwa tena na inafanya kazi. Ile barua ya rais ya 2004 haikuwa kweli yote tena. Kusema kwamba nchi haiwezi kungekuwa kusema jambo ambalo kumbukumbu zao zenyewe zilipinga.

Majaji wa kwanza waliosikiliza pingamizi, Juni 2009, walipita kwenye kutotaka. Kongo ilikuwa imewatuma wawakilishi wake Hague, na hao walitamka mbele ya majaji kwamba nchi yao inataka kesi isikilizwe huko, na kwamba haikuwa ikimchunguza Katanga kwa habari ya Bogoro. Majaji wakasema huku nako ni kutotaka, ingawa si kule kwa hila. Nchi inataka mtu ahukumiwe, ila haitaki kumhukumu yenyewe.

Mawakili wakakata rufani. Tarehe 25 Septemba 2009 majaji wa rufani wakatoa jibu ambalo mpaka leo ndilo mlango wa kila kesi ya aina hii. Waliacha kubishana kama Kongo inaweza au inataka. Walisema maswali hayo yanakuja baadaye. Swali la kwanza ni jepesi zaidi: je, kuna uchunguzi unaoendelea nyumbani, au kulikuwa na uchunguzi uliokwisha kwa uamuzi wa kutoshtaki? Kama hakuna kitu, huna cha kupima. Huwezi kuuliza kama kazi inafanywa vizuri au vibaya wakati hakuna kazi. Kwa Bogoro hapakuwa na kazi, na serikali yenyewe ilisema hivyo. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Na hoja ya kutua mzigo? Majaji wa rufani hawakukana kwamba nchi ina wajibu. Lakini walitazama matokeo ya kumkubalia Katanga. Kongo haimshtaki. Hague imekatazwa kumshtaki. Basi hakuna anayemshtaki, na watu wa Bogoro wanabaki na sheria nzuri na mtuhumiwa huru. Mkataba uliotungwa ili kuziba pengo ungekuwa ndio unaolifungua.

Mimi naona jibu hilo ni sahihi, ila lina upande wake wa pili ambao haupendezi. Linaipa serikali njia ya kuchagua. Ile isiyotaka kesi fulani nyumbani inaweza kukaa kimya tu, na ukimya huo ukaifungulia Hague mlango. Na kwa kuwa serikali ndiyo inayokamata na kukabidhi, ni rahisi kwake kuwatoa waasi kuliko kuwatoa watu wake. Ndiyo maana wengi wenu mnauliza kwa nini waliopelekwa Uholanzi kutoka Kongo wote walikuwa viongozi wa makundi ya wapiganaji. Kanuni ya zamu haikulitatua hilo, na haikutungwa kulitatua.

(Muziki mfupi.)

Tuziangalie sasa zile hali mbili nyingine, maana huko kambini maneno “kushindwa” na “kutotaka” hutumika kama ni kitu kimoja.

Kutotaka, kwa maneno ya mkataba, ni pale nchi inapofungua kesi lakini kesi yenyewe ni pazia. Majaji hutafuta dalili. Je, shauri limefunguliwa ili kumkinga mtu? Je, linacheleweshwa kwa namna isiyolingana na nia ya kumfikisha mtu mbele ya haki? Je, wanaoliendesha wana uhuru wao, au wanapokea simu kutoka kwa mtu fulani? Ona kwamba kesi kuwa na makosa haitoshi. Hague si mahakama ya rufani ya dunia. Wakili akiwa dhaifu, au kifungo kikiwa kidogo kuliko ulivyotarajia, hilo pekee haliiiti ICC.

Kushindwa ni kitu kingine. Ni pale mfumo wa mahakama wa nchi umeporomoka, wote au sehemu kubwa, au haupatikani, kiasi kwamba nchi haiwezi kumpata mshtakiwa, au haiwezi kupata ushahidi na mashahidi, au haiwezi kuendesha shauri. Libya ilitupa mfano ambao ni vigumu kupata ulio wazi kuliko huo. Baada ya vita vya 2011 ICC iliwataka watu wawili: Saif al-Islam Gaddafi, mtoto wa kiongozi aliyepinduliwa, na Abdullah al-Senussi, aliyekuwa mkuu wa ujasusi. Serikali mpya ikasema itawahukumu wote wawili nyumbani. Senussi alikuwa gerezani Tripoli, mikononi mwa serikali, na faili lake lilikuwa na ushahidi wa kuonekana. Oktoba 2013 majaji wa Hague wakasema: sawa, huyu ni wenu. Saif alikuwa Zintan, mji wa milimani, ameshikiliwa na wapiganaji waliokataa kumtoa kwa serikali. Serikali haikuweza hata kumleta mahakamani. Kwake majaji wakasema Libya haiwezi, kesi inabaki Hague. Nchi ile ile, mwaka ule ule, vita vile vile, na majibu mawili, kwa sababu kanuni haipimi nchi kwa jumla. Inapima kesi ya mtu mmoja.

Kenya ililipata somo hilo kwa njia ngumu. Mwaka 2011, ikitaka kesi za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zirudishwe Nairobi, iliwaeleza majaji juu ya katiba mpya na mageuzi ya mahakama na polisi. Majaji waliuliza: kwa hawa watu sita waliotajwa, kwa matendo haya haya, mmefanya nini mpaka leo? Tuonyesheni taarifa ya shahidi aliyehojiwa, tuonyesheni hatua ya upelelezi. Ahadi haikutosha, na mwezi Agosti mwaka huo rufani ya Kenya ikakataliwa. Kesi zenyewe baadaye zilivunjika huko huko Hague kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Nalitaja hili ili usidhani kwamba kesi ikichukuliwa na ICC basi hukumu imepatikana.

Turudi kwa Katanga, maana habari yake haikuishia kwenye rufani.

Machi 2014 majaji walimkuta na hatia ya kusaidia uhalifu wa Bogoro: mauaji, kushambulia raia, kuharibu mali na kupora. Mashtaka ya ubakaji, utumwa wa kingono na kutumia watoto vitani hayakumfunga, na hilo liliwaumiza wengi. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa pamoja naye, alikuwa ameachiliwa tangu Desemba 2012. Katanga alipewa miaka 12, ikihesabiwa pamoja na ile aliyokwisha kukaa Hague, kisha ikapunguzwa. Desemba 2015 alirudishwa Kinshasa kumalizia kifungo ambacho kingekwisha tarehe 18 Januari 2016. Watu wake walikuwa wakimngojea.

Siku hiyo ilipofika hakutoka. Kongo ilisema sasa ina kesi yake dhidi yake, katika mahakama ya juu ya kijeshi, kwa uhalifu mwingine uliotendeka Ituri miaka ile ya vita. Nchi ambayo mwaka 2009 ilikwenda Hague kusema “mhukumuni ninyi” ilikuwa imerudi kwenye foleni na ndoo yake.

Hapa kanuni ya zamu ikabidi ifanye kazi kwa upande wa pili. Mfungwa wa ICC anayetumikia kifungo katika nchi fulani hawezi kushtakiwa na nchi hiyo kwa mambo ya zamani bila idhini ya Hague. Jambo kubwa la kuangaliwa lilikuwa kama Kongo inamhukumu mara ya pili kwa kosa lile lile, maana hilo limekatazwa. Tarehe 7 Aprili 2016 urais wa mahakama ukatoa idhini. Mashtaka ya Kinshasa yalihusu maeneo na matendo mengine, si yale aliyohukumiwa kwa Bogoro. Kwa matendo hayo zamu ilikuwa ya Kongo tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kuichukua.

Mawakili wake walilalamika kwamba Kongo ilikaa kimya zaidi ya miaka kumi na kuamka siku mtu anatoka. Lalamiko lao lina uzito. Lakini ukilitazama kutoka upande wa watu wa vijiji vile vingine, ambao mateso yao hayakuwa sehemu ya mashtaka ya Hague, ile ilikuwa nafasi ya kusikika ndani ya mahakama.

Basi mama, yule aliyechukua mabati yako. Kwanza, Hague haitamfuata. Haina polisi, haina nafasi, na tangu mwanzo iliwekwa kwa ajili ya walioongoza. Pili, hata ikimhukumu kamanda wake, hukumu hiyo haimsafishi yeye wala haimgusi. Yuko chini ya mahakama za Kongo, na uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu hauozi kwa kupita miaka. Mahakama ya kijeshi ya Bunia imewahi kusafiri hadi vijijini na kusikiliza kesi za namna hii mbele ya wenyeji. Zinakwenda polepole, na si kila kijiji kimefikiwa.

Kwa Bogoro yenyewe, mwaka 2017 majaji wa Hague walikubali kwamba watu 297 walithibitisha madhara yao. Kila mmoja alipewa dola 250, pamoja na misaada ya pamoja kama ya makazi na masomo. Wengi walisema dola 250 hazirudishi paa, na majaji wenyewe walisema fedha hiyo ni ishara tu. Lakini wale 297 walipatikana kwa sababu waliweza kueleza walikuwa wapi asubuhi ile, walipoteza nani, walipoteza nini, na mara nyingi kulikuwa na karatasi au shahidi wa kuunga mkono maneno yao: cheti, barua ya chifu, jirani aliyekuwepo. Hivyo ndivyo vitu vinavyoulizwa, iwe Hague au Bunia.

Na kwa kuwa tumeambiwa kuna watu wanapita kwenye makazi wakiuza fomu za “kujiandikisha ICC”: fomu ya mwathirika haiuzwi. Ni bure. Anayekudai pesa kwa ajili yake hakutumwa na mahakama. Na ukiwa na jina unalolijua, kama mama yetu huyu, usiliseme kwenye foleni wala usilitume kwenye simu ya mtu usiyemfahamu. Ongea na afisa wa ulinzi wa wakimbizi au wakili wa msaada wa sheria, mkiwa peke yenu.

Wiki ijayo tutajibu swali la kijana aliyeuliza kwa nini nchi nyingine zinaweza kumshtaki mtu kwa uhalifu uliotendeka mbali na mipaka yao. Tuandikie kupitia kikundi chako cha usikilizaji.

(Muziki wa kipindi unapanda.)